Kaka amefungia mofini ya mama, na mama analia usiku kucha

SWALI

Shikamoo dada. Mama yetu ana saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka jana alipigwa mionzi Dar es Salaam, ugonjwa ukarudi, na sasa tunamuuguza nyumbani hapa Korogwe. Hospitali walitupa mofini ya maji, chupa imeandikwa miligramu 5 kwa mililita 5. Nilikuwa nampa mililita 10 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni, halafu mililita 20 saa 4 usiku, kama muuguzi alivyonifundisha. Maumivu yalitulia, mama akawa anakaa barazani na kuongea na watu. Lakini siku hizi nne analala mno, mikono inastukastuka, mara nyingine anaongea maneno yasiyoeleweka, na mkojo umekuwa kidogo sana. Kaka yetu mkubwa amekuja kutoka Dar, akasema namuua mama kwa madawa ya kulevya. Ameifungia chupa kabatini na kununua vidonge vya diklofenaki. Jana mama amelia mpaka alfajiri. Kaka anataka kukodi gari tumpeleke akawekewe dripu. Mama mdogo anamlazimisha uji na kila akinywa anapaliwa. Juzi mama aliniuliza, "Hivi mimi nitapona?" nikatoka nje bila kumjibu. Baba amenyamaza tu. Nifanye nini?

Binti wa Korogwe

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la leo hii, mengine yatafuata. Mofini itoke kabatini, ila isirudi kwa kipimo kile cha mwanzo. Na kabla hujampa tone lolote, mpigie simu muuguzi au daktari aliyekupa ile chupa umweleze mambo matatu kwa mpangilio huu: mkojo umepungua, mikono inastukastuka, usingizi umezidi na maneno yanachanganyika. Akiyasikia hayo matatu pamoja atajua unazungumzia nini, na atakuambia kipimo kipya. Ninayoandika hapa ni ya kukusaidia kuelewa atakachokuambia, na kumweleza kaka yako.

Wewe na kaka mmeona vitu viwili vya kweli. Wewe umeona mofini ikimrudishia mama yako baraza na mazungumzo yake. Kaka amekuja akakuta mtu anayelala kutwa na mikono inaruka, akaogopa, na mtu yeyote angeogopa. Alipokosea ni katika kutafuta sababu. Dawa haijabadilika, na kipimo ni kile kile kilichomfaa siku za mwanzo. Kilichobadilika ni figo.

Saratani ya mlango wa kizazi inapokua hushika sehemu zilizo jirani nayo, na miongoni mwa hizo ni mirija miwili myembamba inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kibofuni. Ikibanwa, mkojo hurudi nyuma na figo huanza kushindwa kazi. Sasa mofini, baada ya kufanya kazi yake, huvunjwavunjwa na ini, na mabaki yake hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zikizembea, mabaki hayo hujikusanya mwilini siku hadi siku, na ndiyo yanayoleta usingizi mzito, kustukastuka na kuchanganyikiwa. Uchafu mwingine wa mwili unaoshindwa kutoka nao huongeza hali hiyo hiyo. Kwa hiyo hukumzidishia mama dawa. Mwili wake umepunguza uwezo wa kuitoa, na kipimo kinatakiwa kishuke kuufuata.

Lakini kuna jambo moja lazima likaguliwe kwanza, kwa sababu linatibika papo hapo. Mkojo kidogo unaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni hiyo niliyoeleza, kwamba hautengenezwi. Ya pili ni kwamba unatengenezwa ila umeziba kutoka. Weka kiganja chako taratibu chini ya kitovu chake, juu kidogo ya kinena. Ukikuta pamevimba, pamekaza, na yeye anakunja uso ukigusa, au anahangaika kitandani bila kutulia, huenda kibofu kimejaa. Hapo muuguzi wa kituo cha afya akija na mpira wa mkojo, mama atapata nafuu ndani ya dakika chache, na huenda nusu ya kilio cha usiku ikaishia hapo. Muulize pia, au mkumbuke, alipata choo kikubwa lini mara ya mwisho. Mofini hufunga choo kwa karibu kila anayeitumia, na choo kilichokaa siku nyingi huweza chenyewe kuziba mkojo, kuleta maumivu ya tumbo na kumchanganya mgonjwa akili. Hukutaja dawa ya kulainisha choo. Kama hakupewa, ulizia bisakodili, ambayo kwa kawaida hutolewa usiku kila siku kwa muda wote mgonjwa yuko kwenye mofini. Haisubiri choo kifunge kwanza.

Kibofu kikiwa kitupu, basi tunazungumzia figo. Tuliweke sawa suala la kipimo. Ulikuwa ukimpa miligramu 10 mara nne na 20 usiku, jumla 60 kwa saa 24. Hicho kipimo kikubwa cha usiku kinakusudiwa kumvusha mgonjwa mpaka asubuhi bila kuamshwa, na muuguzi alikufundisha vizuri. Kwa mtu mwenye figo nzima mofini ya maji huanza kufanya kazi kama nusu saa baada ya kumezwa, na hudumu kama saa nne, ndiyo maana ya ile ratiba. Kwa mama yako wa leo kila kipimo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo wauguzi na madaktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mwenye ugonjwa mzito, hufanya mambo mawili kwa pamoja: wanapunguza kipimo na wanatanua nafasi kati ya kipimo na kipimo. Usishangae ukiambiwa, kwa mfano, umpe miligramu 5, yaani mililita 5 kwa chupa yako, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, bila kuongeza maradufu usiku. Hiyo ni miligramu 20 kwa siku, theluthi ya ile ya mwanzo. Utaambiwa pia kiasi cha kumpa endapo maumivu yatachomoza katikati, na ukae muda gani kabla ya kurudia. Uliza hilo waziwazi usipoambiwa, kwa sababu usiku ndipo utakapolihitaji.

Kisha utaangalia. Ndani ya siku moja au mbili kustukastuka kunatakiwa kupungue na macho yake yawe mepesi zaidi kufunguka. Kama maumivu yanarudi, usiongeze kwa kukisia. Andika kila kipimo cha ziada ulichompa na saa yake, halafu mpigie muuguzi umsomee. Akijua kwamba kwa saa 24 umetoa vinne vya kawaida na viwili vya ziada, anaweza kupanga upya kwa uhakika. Na kama mikono inaendelea kuruka hata baada ya kupunguza, kuna dawa ya kuituliza, mara nyingi dayazepamu kidogo usiku, ila hiyo nayo huongeza usingizi, kwa hiyo daktari ndiye wa kuiamua.

Kuhusu usingizi wenyewe, jifunze kutofautisha. Muite jina lake, mguse bega. Akifungua macho au kuitikia hata kwa kuguna, ni usingizi wa ugonjwa na unaweza kuendelea na ratiba mpya. Asipoamka kabisa, tazama kifua chake kwa dakika nzima ukihesabu pumzi. Zikiwa chini ya nane na haamki, kipimo kinachofuata kisitolewe, piga simu mara moja. Mueleze kaka njia hii ya kuangalia. Atatulia akijua kuna kitu cha kukitazama badala ya kubaki na hofu tupu.

Sasa zile diklofenaki. Zitupeni, au zirudisheni dukani. Kati ya dawa zote ambazo kaka angeweza kununua kwa nia njema, hii ndiyo isiyomfaa kabisa mama yako sasa, kwa sababu dawa za jamii hiyo huzibana figo, na figo zake ndizo zenye shida. Zaidi ya hapo huweza kuchubua tumbo na kuchochea damu kutoka. Parasetamo inaruhusiwa pamoja na mofini, na muuguzi atakupa kiasi kulingana na alivyokonda. Lakini peke yake haiwezi kubeba maumivu ya saratani iliyofika hatua hii. Wala kuikata mofini ghafla si salama. Maumivu hurudi kwa nguvu, na mwili uliokwisha kuizoea hutoka jasho, hutetemeka na kuhangaika. Huenda kile kilio cha mpaka alfajiri kimetokana na hayo.

Kaka akisema ni madawa ya kulevya, msimbishie. Mwambieni kwamba mtu anayeitumia mofini kwa maumivu, kwa kipimo na kwa saa, kwa kawaida haitamani, na siku maumivu yakipungua kwa sababu nyingine, kipimo hushushwa taratibu na huachwa. Mofini ya maji ya kunywa nyumbani si jaribio jipya katika nchi zetu. Uganda imeitumia kwa wagonjwa majumbani tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa huko wanaruhusiwa na sheria kuiandika wenyewe. Kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road hutengeneza mofini ya maji na kuzipatia hospitali nyingine. Lakini sidhani hoja ndizo zitakazomshawishi kaka yako. Ametoka mbali, amemkuta mama yake kashuka kuliko alivyosikia kwenye simu, na mikono yake haina kazi. Mpe daftari. Awe yeye anayeandika saa, kipimo, mkojo, choo, na jinsi mama alivyolala, na awe yeye anayempigia muuguzi kila jioni na kumsomea. Nimewaona wana wengi wenye ukali wa aina hii wakigeuka kuwa walinzi hodari wa ratiba ya dawa mara tu walipopewa kazi ya kweli.

Swali lake la gari na dripu ni zito na ninalijibu kwa heshima. Kama mama yako angekuwa bado anatembea na kula, ningesema mpelekeni hospitali kubwa leo, kwa sababu mirija iliyobanwa mara nyingine huweza kuzibuliwa, au figo ikawekewa mrija wa kutolea mkojo mgongoni. Muulizeni daktari wake kwa simu kama hilo lina maana kwake, msibaki na dukuduku. Lakini kwa mtu ambaye saratani imerudi baada ya mionzi, hali tena, analala kutwa na kukonda hivyo, kazi hiyo mara nyingi humwongezea siku chache za hospitali na maumivu ya safari. Mimi nisingemsafirisha. Na dripu haimfai. Maji yanayoingia kwa mshipa yanahitaji figo za kuyatoa. Zisipoweza, huenda miguuni, mapafuni na kooni, na mgonjwa anayekufa polepole huanza kuhema kwa taabu ambayo hakuwa nayo.

Uji nao uachwe. Mwambie mama mdogo kwa upole kwamba mwili unaofunga safari hii hauhisi njaa tunavyoihisi sisi, na kwamba mama yako hafi kwa kukosa uji. Hali chakula kwa sababu anakufa. Kupaliwa kule kuna maana kwamba uji unaelekea mapafuni. Akiomba kitu, apewe, akiwa ameinuliwa kifua na macho yake yakiwa wazi, kijiko kidogo na kumeza kwanza kabla ya kingine. Asipoomba, asilazimishwe. Ila mama mdogo asiondolewe tu kando ya kitanda, maana amekuwa akilisha kwa mapenzi. Mkabidhi kinywa. Kinywa kikavu ndicho kinachomtesa mgonjwa aliyeacha kunywa, kuliko njaa na kiu yenyewe. Achukue kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, chumvi kidogo ya ncha ya kijiko, kitambaa laini safi alichokizungusha kidoleni, afute ulimi, fizi na ndani ya mashavu, kisha adondoshe matone machache ya maji, na apake mafuta ya mgando midomoni. Afanye hivyo kila saa mbili anapokuwa macho. Akiona utando mweupe unaong'ang'ania ulimini, aseme, kwani hiyo huwa fangasi na ina dawa.

Sasa ni lile swali ulilolikimbia. Usijilaumu kwa kutoka nje, ila rudi. Na urudi upesi, kwa sababu kipimo kikishapunguzwa, huenda akawa na siku moja au mbili za akili safi, na figo zikiendelea kufunga sioni uhakika wa siku nyingine kama hizo. Chagua saa ambayo anaamka vizuri, kwa wengi ni asubuhi. Kaa chini usawa wake, mshike mkono, umwambie, "Mama, juzi uliniuliza kama utapona. Wewe mwenyewe unauonaje mwili wako?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya. Wengi hujibu, "Naona nakwenda." Akisema hivyo huna haja ya kumwongezea wala kumpinga. Mwambie, "Na sisi tunaona hivyo, mama, na hatutakuacha peke yako, na maumivu tutayashughulikia." Akisema anadhani atapona, usimvunje kwa nguvu. Muulize kama kuna jambo angependa liwekwe sawa iwapo haitakuwa hivyo. Anayeulizwa hivi hana la kukataa, na mara nyingi majibu yanakuwa tayari: fedha za kikoba alizonazo, deni la dukani, hati ya kiwanja iko wapi, nani amlee mjukuu, nani aitwe waombane radhi. Waiteni hao wa radhi mapema, msisubiri hali ibadilike usiku wa manane.

Baba yako amenyamaza, lakini usidhani hahisi. Mwanaume wa umri wake akikaa chumbani bila kazi hujiona mgeni katika nyumba yake. Mpe zamu ya usiku pamoja nawe, awe wa kumgeuza mama kila saa chache ili mgongo na nyonga visichubuke, na mpe nafasi ya kuwa naye peke yake, mlango umerudishwa. Wajukuu waambiwe kwa maneno ya kawaida kwamba bibi anaumwa sana na atakufa, na ruhusuni waingie kumsalimia. Mtoto anayefichwa hubuni mwenyewe, na anayoyabuni humtisha zaidi.

Nikueleze na mtakayoyaona, ili yakija yasiwakimbize barabarani usiku. Atalala zaidi mpaka hataitikia. Mkojo utakauka. Miguu na magoti yatakuwa ya baridi na yenye mabaka. Pumzi itakwenda kwa mawimbi: ya haraka, kisha ndogo, kisha itasimama kwa nusu dakika na kuanza tena. Kooni kutasikika mkoromo wa majimaji kwa sababu hawezi tena kumeza mate. Mkoromo huo ndio unaotisha watu kuliko yote, na wengi hufikiri mgonjwa anakabwa. Kwa aliyekwisha kupoteza fahamu, tunavyojua sisi wauguzi kutokana na uso wake uliotulia, haumtesi. Mlaze ubavu ili mate yatoke, na kwa kuwa mtamlaza kuelekea kibla ubavu wake wa kulia kama ndiyo desturi yenu, basi mkao huo huo unasaidia na pumzi. Msimuingizie kitu kooni kuvuta mate. Buskopani hupunguza mkoromo kwa baadhi ya wagonjwa, muulize muuguzi kama anayo. Endeleeni kuzungumza naye na kumsomea, kwa sauti ya kawaida, kwani kusikia huenda kukabaki hata maneno yakishaisha. Na wazee wanapomkumbusha shahada, iwe kwa upole, mara moja na kumwacha, bila kumhimiza arudie.

Asipoweza kumeza, mofini haikatwi hivyo hivyo. Kwa sirinji isiyo na sindano mtu anaweza kudondosha kiasi kidogo sana ndani ya shavu, mgonjwa akiwa ameinuliwa kidogo kichwa, na kwa hili muuguzi anaweza kukupa iliyo nzito zaidi ili maji yawe machache. Hapo lebo ni jambo la uhai, kwa kuwa mililita moja ya chupa nyingine huweza kuwa na dawa mara kumi ya hiyo yako. Andika juu ya chupa kwa kalamu ya wino ni miligramu ngapi kwa mililita moja, na chupa mbili zenye nguvu tofauti zisikae kabati moja. Ukiona amekunja uso au kuguna anapogeuzwa, hiyo ni ishara ya maumivu hata kama hasemi. Mpe kipimo chake nusu saa kabla ya kumgeuza au kumwosha.

Yako mambo mawili ya ugonjwa huu ambayo watu huona haya kuyaandika, na wewe hukuyaandika. La kwanza ni harufu. Kama uchafu unaotoka unanuka mpaka wageni wanakaa mlangoni, kuna metronidazo, ile ambayo wengi wanaiita flajili, na kuna namna ya kuitumia mahali penyewe, ikisagwa au kuwekwa ndani, inayokata harufu ndani ya siku chache. Usimwekee chochote kabla muuguzi hajaonyesha jinsi. Jambo hili huwarudisha watu chumbani. La pili ni damu. Saratani hii huweza kutoboa mshipa na damu ikatoka kwa wingi ghafla. Haitokei kwa kila mmoja, lakini jiandaeni. Wekeni kanga nzito za rangi ya kuiva, nyekundu iliyokolea au nyeusi, karibu na kitanda, kwa sababu damu juu ya shuka jeupe humtisha mgonjwa na walio naye kuliko damu yenyewe. Ikitokea, mmoja amshike mkono na kuongea naye, mwingine aweke kanga na kupiga simu. Muulize muuguzi mapema akuachie dawa gani ya kumtuliza kwa tukio kama hilo.

Hayo ndiyo yanayoweza kutulizwa nyumbani. Kuna machache ambayo kwayo ningeomba gari hata sasa: kibofu kilichojaa na hakuna wa kuweka mpira hapo jirani, kifafa kisichokoma, au maumivu yasiyotulia baada ya vipimo viwili vya ziada na simu haipokelewi. Safari hiyo iwe ya kituo cha karibu kinachojua tiba shufaa, si ya kwenda Dar.

Kuhusu mazishi, ongeeni sasa na mwanamke mmoja miongoni mwa watakaomwosha. Mwambieni ugonjwa ulikuwa wapi na kwamba huenda kukawa na damu au uchafu, ili wawe na glovu, pamba ya kutosha ya kuzibia na vitambaa vya akiba, na ili asije mtu chumbani akashtuka kwa sauti mbele ya ndugu. Mjumbe wenu wa mtaa naye aambiwe kwamba mgonjwa yuko nyumbani na hali yake inajulikana hospitali, na karatasi ya hospitali ikae mahali ambapo kaka na baba wote wanapajua, kwani ndiyo itakayotakiwa mkienda kufuata kibali cha kuzika.